Intaneti Ikitengenezwa, Andika Jinsi Ilivyo Siku Hiyo



Katika vituo vingi vya vijana na zahanati za mashambani, intaneti huja kwa ruta ya 4G yenye laini ya simu, pengine na antena iliyofungwa juu ya mabati. Fundi akimaliza kuitengeneza watu hufurahi, hulipwa, akaenda zake. Baada ya miezi miwili mtu anasema, "Mtandao umekuwa mbaya tena." Tukiuliza umekuwa mbaya kuliko lini, hakuna jibu. Mmoja anakumbuka ulikuwa unaenda mbio, mwingine ati ulikuwa hivi hivi tangu mwanzo. Basi fundi anaitwa tena, na nauli yake juu.

Somo letu la leo ni juu ya ukurasa mmoja wa daftari. Unaandikwa siku ile ile intaneti imetengenezwa na inafanya kazi vizuri.

Tuanze na mawimbi. Vile vistari vinavyoonyeshwa na taa za ruta havitoshi, kwa sababu kistari kimoja kinabeba tofauti kubwa sana ndani yake. Chukua kompyuta au simu iliyounganishwa na ruta, fungua kivinjari, na uandike anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Ndani yake tafuta ukurasa wenye namba zinazoitwa RSRP na SINR.

RSRP ni nguvu ya mawimbi yanayofika kwako kutoka mnarani. Huandikwa kwa alama ya kutoa mbele, kwa mfano -88 dBm, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. -85 ni nzuri, -100 ni ya kuvumilia, na ikipita -110 shida imeanza. Kumbuka kwamba ikishuka kwa 10, tuseme kutoka -88 hadi -98, nguvu inayofika imebaki sehemu moja ya kumi. SINR nayo inaeleza kama mawimbi hayo yanasikika juu ya kelele. Mtu anaweza kukuita kwa sauti kubwa lakini mkiwa kwenye stendi ya matatu usimsikie. Hapa namba kubwa ndiyo nzuri: ikiwa 13 au zaidi mko sawa, ikikaribia sifuri kelele imeshinda.

Andika pia Band na Cell ID. Hizi zinakuambia ruta imeshika masafa gani na mnara upi, na tutaona chini kwa nini zina maana.

Sasa mwendo. Pima kwanza kwa kebo, kompyuta ikiwa imechomekwa moja kwa moja kwenye ruta, halafu kwa waifai ukiwa mahali pale pale watu wanapokaa. Wengine wote wasiwe wanatumia. Pima mara tatu uandike namba ya katikati. Fanya hivyo asubuhi, na tena saa mbili usiku, wakati kila mtu wa eneo lile yuko kwenye simu yake. Lakini angalia bando! Mwendo ukiwa megabiti 20 kwa sekunde, jaribio la kupakua la sekunde 15 linakula karibu megabaiti 38, na ukipima mara tatu zimepita 100. Kwa hiyo pima kwa utaratibu, siyo kila mtu anapojisikia.

Mwisho ni mipangilio: APN iliyoandikwa kwenye ruta, chaneli ya waifai, ruta imewekwa wapi, antena inatazama upande gani, na ni bando gani mnalonunua. Kurasa za ruta zipigwe picha kwa simu. Neno la siri lisiandikwe humo, kwa maana daftari hili litashikwa na wengi.

Tuchukue mfano wa kituo kimoja cha vijana. Ukurasa wao wa tarehe 14 Machi unasema hivi: RSRP -88, SINR 14, Band B3. Asubuhi kwa kebo megabiti 22, kwa waifai darasani 18. Usiku kwa kebo 7. Ruta iko juu ya meza, karibu na mlango wa darasa. Antena juu ya mabati, inatazama mnara wa kilimani.

Mwezi wa Mei vijana wanalalamika kwamba masomo ya video yanakwama. Kabla ya kupanda kwenye mabati, mwangalizi anapima saa ile ile ya asubuhi. RSRP -87, SINR 15, Cell ID ni ile ile. Kwa kebo megabiti 21. Kwa waifai darasani, 4. Hapo jambo limekwisha kujulikana nusu: mnara, antena, laini na bando vyote viko sawa, ubaya uko kati ya ruta na darasa. Anasoma daftari, "juu ya meza, karibu na mlango". Kumbe ruta ilihamishiwa ofisini ikafungiwa kabatini kwa kuogopa wezi, na sasa kuna ukuta wa mawe na mlango wa chuma katikati. Bila namba za Machi, watu wangeanza kugeuza antena ambayo haikuwa na kosa lolote.

Namba zingeweza kusema jambo jingine. Kama RSRP ingekuwa -103, tungetazama antena: upepo umeigeuza, au maji yameingia pale kebo inapoungwa. Kama mawimbi yangekuwa vile vile lakini mwendo umekwama kwenye megabiti 1 asubuhi na usiku bila kubadilika, tungeuliza kwanza kama bando la mwendo kamili limekwisha. Na kama malalamiko ni ya usiku tu na kipimo ni 6 au 7, hakuna kilichoharibika. Machi ilikuwa 7 pia. Mnara una watu wengi saa hizo, na hakuna fundi wa kuwaondoa.

Kuna moja linalodanganya wengi. Stima ikipotea na kurudi, ruta inaweza kushika mnara mwingine au masafa mengine. Tuseme B3, ambayo ni megahazi 1800, imegeuka kuwa B20, yaani megahazi 800. Mawimbi ya B20 husafiri mbali zaidi, kwa hiyo RSRP yaweza hata kuonekana bora, -80, na huku mwendo umeshuka, kwa sababu mara nyingi njia yake ni nyembamba. Anayetazama vistari ataapa kwamba mawimbi yameongezeka. Aliyeandika Band na Cell ID ataona mara moja, na atajaribu kuzima ruta na kuiwasha kabla ya kumpigia mtu yeyote.

Hata hivyo namba hizi hazisimami kama jiwe. RSRP hucheza 3 au 4 juu na chini kwa siku ya kawaida, na mwendo hucheza zaidi ya hapo. Ndiyo maana tunashauri mpime siku tatu za kwanza, muandike ya chini na ya juu, ili 19 baada ya 22 isimtie mtu wasiwasi.

Mkibadilisha kitu chochote, hata bando tu, ukurasa wa zamani usifutwe. Chora mstari, andika tarehe na mlichobadilisha, kisha mpime upya.