Kuhesabu Moja Hadi Kumi: Andalio la Somo kwa Darasa la Awali

Katika makala haya tunakusudia kutayarisha somo moja la dakika 20, kwa darasa la watoto 30 wa umri wa miaka mitano. Mtoto anayeimba moja hadi kumi bila kukosea huenda bado hajui kuhesabu. Anaweza kuwa amekariri maneno tu, kama akaririvyo wimbo wowote. Mwaka 1978 Gelman na Gallistel, katika kitabu chao juu ya uelewa wa namba kwa watoto, walitenganisha mambo matatu tunayoyahitaji hapa: maneno yafuatane kwa mpango usiobadilika, kila kitu kipate neno moja tu, na neno la mwisho liwe ndilo jibu la idadi. Wimbo hufundisha jambo la kwanza. Mawili yaliyobaki huhitaji vitu na vitendo.

Lengo la somo letu litaandikwa hivi: "Mwishoni mwa somo mtoto aweze kuhesabu njiti hadi kumi, akigusa kila njiti mara moja, na kutaja idadi yake bila kurudia kuhesabu."

Zana ni njiti za mabua zenye urefu wa kidole. Watoto watafanya kazi wawili wawili, kila jozi njiti kumi, hivyo tutakata 150. Njiti tumezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, haziingii puani kwa urahisi kama mbegu. Pili, lugha yetu hubadili namba kufuata ngeli: tunasema watoto wawili, viti viwili, mawe mawili. Mtoto aliyeimba "mbili" kisha akapewa mawe husikia neno jingine. Kwa njiti, maneno ya wimbo hayabadiliki: njiti moja, njiti mbili, njiti tatu, hadi kumi.

Hatua ya kwanza (dakika 5): Wimbo na mwendo. Watoto wasimame katika duara na kuimba: "Hatua moja, hatua mbili, hatua tatu," hadi kumi. Mwalimu aulize kwa kuimba, "Zimekuwa ngapi?" nao wajibu, "Kumi!" Mguu ukanyage mara moja tu kwa kila namba. Hapa pana hatari. Majina yote ya namba moja hadi kumi yana silabi mbili: mo-ja, ta-tu, n-ne. Tukipiga makofi kwa kila silabi, mtoto atazoea mapigo mawili kwa namba moja, na baadaye atagusa njiti mbili akisema "tatu" mara moja.

Hatua ya pili (dakika 10): Vitu. Kila jozi ichore mstari sakafuni kwa chaki na kuweka njiti tano upande wa kulia. Mtoto mmoja avushe njiti moja moja hadi upande wa kushoto huku akihesabu. Mwenzake asikilize, kisha wabadilishane. Kuvusha ni bora kuliko kuonyesha kwa kidole, kwa kuwa njiti iliyokwisha hesabiwa hutengana na ile iliyobaki. Wakifaulu tano, wapewe saba, kisha kumi.

Hatua ya tatu (dakika 5): Tathmini. Mwalimu apite kwa jozi chache, asijaribu kuwafikia watoto wote siku hiyo moja. Mtoto akimaliza kuhesabu saba, afunike njiti kwa kiganja na kuuliza, "Ziko ngapi?" Anayejibu "Saba" papo hapo ameelewa. Anayetaka kufunua ili aanze tena bado hajaona kwamba neno la mwisho ndilo idadi. Kisha mwalimu aseme, "Nipe njiti sita." Mtoto anayechota konzi nzima hajafika, hata kama wimbo anaufahamu vyema.

Makosa haya yana tiba tofauti. Anayeruka "sita" au kuchanganya "nne" na "nane" arudishwe kwenye wimbo. Anayegusa njiti moja mara mbili arudishwe kwenye mstari wa chaki, avushe polepole. Anayekosa kutaja idadi apewe njiti tatu tu. Azihesabu, zifunikwe, aulizwe, kisha iongezwe moja.

Kumi haitapatikana kwa wote katika kipindi kimoja. Aliyefikia tano kwa uelewa aandikwe katika daftari kuwa amefikia tano, na somo lijalo lianzie hapo. Mawe, viti na watoto wenyewe vihesabiwe baada ya njiti kuzoeleka. Hapo mwalimu aonyeshe kwa mifano kwamba mbili huwa wawili au viwili, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki kamwe.