Dola na misimu yake: kwa nini shilingi hulegea wakati wa masika na kukaza wakati wa korosho

Maswali kuhusu dola hunifikia kwa wingi kati ya Machi na Juni, wafanyabiashara wanapokuta bei imepanda na benki inawaambia wasubiri. Ikifika Novemba, wanaouliza ni wengine kabisa: wauzaji bidhaa nje wanaolalamika kwamba dola zao zimeshuka thamani. Pande hizi mbili zinaguswa na jambo lile lile. Kwa kuwa nimefanya kazi kwa muda mrefu kwenye dawati la fedha za kigeni la benki, nitajibu kwa kutumia mfano wa Tanzania, ambako misimu hii inaonekana waziwazi.

Kwa nini dola huadimika kila mwaka miezi ya masika?

Kwa sababu vyanzo viwili vikubwa vya dola hupungua kwa pamoja. Dhahabu huchimbwa na kuuzwa mwaka mzima, kwa hiyo si yenyewe inayoleta msimu. Msimu unaletwa na wageni na mazao. Watalii hufurika kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Oktoba, nyumbu wanapokuwa kaskazini mwa Serengeti na barabara za mbugani zikiwa kavu. Hufurika tena Desemba hadi Februari, zaidi wale wanaofuata jua la Zanzibar. Mvua za masika zikianza, wageni hupungua sana, na baadhi ya kambi na hoteli hufunga milango Aprili na Mei.

Mazao nayo huingiza fedha zaidi nusu ya pili ya mwaka. Tumbaku na pamba huanza kununuliwa kwa wakulima kuanzia karibu Aprili na Mei, lakini pamba inapaswa kuchambuliwa na tumbaku kusindikwa kabla ya kusafirishwa, kwa hiyo dola zake huja baadaye. Kahawa ya Kilimanjaro huvunwa kuanzia Julai. Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba.

Wakati huo huo matumizi hayapumziki. Meli za mafuta hufika kila mwezi na lazima zilipwe. Kampuni zenye wanahisa wa nje hufunga hesabu za mwaka, kisha hutafuta dola za kupeleka gawio, na mara nyingi hilo hutokea robo ya pili ya mwaka, wakati dola ni chache. Hapo ndipo foleni benki hurefuka.

Korosho zinanadiwa Newala na Masasi kwa shilingi. Dola zinaingilia wapi?

Zinaingia mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mkulima hupeleka korosho Amcos, zinapelekwa ghala kuu chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, kisha chama kikuu kinazinadi. Siku hizi minada hupitia mfumo wa soko la bidhaa, TMX. Mnunuzi anayepeleka korosho ghafi India au Vietnam akishinda, anapewa siku chache tu za kulipa, na analipa kwa shilingi. Kwa hiyo analeta dola kutoka nje, anaziuza kwenye benki, anapata shilingi, ndipo anaruhusiwa kutoa mzigo.

Tuchukue mnada mmoja wa tani 10,000 kwa wastani wa shilingi 3,500 kwa kilo. Hiyo ni shilingi bilioni 35. Dola ikiwa shilingi 2,600, mnunuzi anahitaji kuuza dola zipatazo milioni 13.5 ndani ya siku hizo chache. Vyama vikuu kadhaa vinanadi wiki hiyo hiyo, na wiki inayofuata tena. Msimu wa 2024/25 nchi ilizalisha zaidi ya tani 500,000 za korosho. Soko letu baina ya benki ni dogo, hivyo mauzo ya namna hiyo yakifuatana kwa wiki nane au kumi, bei lazima isogee. Angalia pia kwamba shilingi inatafutwa kabla meli haijang'oa nanga Mtwara. Takwimu za mauzo ya nje zitaonyesha mzigo huo baadaye, wakati bei ya dola imeshasogea.

Utalii hauna mpangilio huo wa moja kwa moja. Mgeni wa Agosti huenda alilipa sehemu ya safari yake Januari kwa wakala wa Ulaya, na wakala akamlipa mwenye kambi kidogo kidogo. Ndiyo maana athari ya wageni kwenye bei ni ya taratibu, na ya korosho ni ya ghafla.

Mimi ni mkulima. Msimu wa 2024 tulianza kwa zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo, baadaye bei ikalegea. Dola inahusika?

Inahusika, ingawa si peke yake. Ubora wa korosho za mwisho wa msimu na mvua pia vina nafasi yao. Mnunuzi wa nje anapiga hesabu kwa dola. Tuseme yuko tayari kulipa dola 1,500 kwa tani na habadilishi nia yake msimu mzima. Dola ikiwa shilingi 2,700, kilo moja ni shilingi 4,050. Dola ikishuka hadi 2,400, kilo ile ile, kwa mnunuzi yule yule, ni shilingi 3,600. Shilingi 450 zimepotea kwenye kila kilo, na soko la dunia halijagusika.

Na ndivyo dola ilivyokwenda mwaka huo: mwanzoni mwa Oktoba 2024 ilikuwa ikizunguka shilingi 2,700, na kufika Desemba ilikuwa karibu 2,400. Linaloniuma ni kwamba mkulima wa korosho huuza wakati dola zimejaa, yaani zinapokuwa na thamani ndogo, kisha hununua pembejeo na bidhaa za dukani zilizoagizwa wakati dola ilipokuwa ghali. Viongozi wa vyama wanapaswa kumwambia hivyo kabla ya mnada. Wakinyamaza, hubaki akidhani ameibiwa kwenye mizani.

Kama ni msimu tu, mbona miaka mingine bei haitikisiki na mingine inayumba sana?

Hili ndilo swali la msingi. Msimu unaamua upande ambao bei itaelekea. Ukubwa wa myumbo unaamuliwa na watu wanaoshikilia dola, na Benki Kuu.

Mwenye dola akiamini kwamba Mei dola itakuwa ghali kuliko Februari, hana haraka ya kuuza. Anaziacha kwenye akaunti, anabadilisha za mishahara na za kodi tu. Mwagizaji naye, kwa imani ile ile, ananunua leo dola atakazozihitaji baada ya miezi miwili. Mmoja amepunguza zinazouzwa, mwingine ameongeza zinazotafutwa, na upungufu wa kawaida unageuka ukame. Bei ikianza kurudi chini Oktoba, hofu inageuka: waliozishikilia wanakimbilia kuuza kabla hazijashuka zaidi. Kushuka kwa mwisho wa 2024 kulikuwa na msimu ndani yake, lakini kasi ile ilitokana kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa wamekumbatia dola kuzitoa zote kwa pamoja. Kufika Aprili na Mei 2025 dola ilikuwa imerudi karibu 2,690, na Septemba ikawa imeshuka tena chini ya 2,500.

Benki Kuu inaweza kulainisha mawimbi hayo kwa kununua dola msimu wa mavuno na kuuza msimu wa masika kupitia soko baina ya benki. Kati ya 2019 na 2022 dola ilikaa karibu shilingi 2,300 karibu muda wote, hata 2020 ambapo janga la korona lilifuta sehemu kubwa ya mapato ya utalii, kwa kuwa bei ya dhahabu ilikuwa juu. Misimu haikuwa imetoweka; ilikuwa inaonekana kwenye akiba ya Benki Kuu badala ya kwenye ubao wa bei. Mwaka 2023 mafuta ghali na riba kubwa ya Marekani vilizidi nguvu ya mavuno, na shilingi haikupata ahueni ya maana hata mwisho wa mwaka.

Naagiza vitenge na vyombo, duka langu liko Kariakoo. Ninunue dola Oktoba nizitunze hadi Aprili?

Tuweke hesabu mezani. Unahitaji dola 20,000 Aprili. Ukinunua kwa 2,450 unatoa shilingi milioni 49. Ukisubiri na bei ikafika 2,690, utatoa milioni 53.8. Tofauti ni milioni 4.8, na hapo ndipo wengi huishia kuhesabu.

Lakini hizo milioni 49 umezitoa wapi? Kama ni mkopo wa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, miezi sita inakugharimu karibu milioni 3.7. Faida inabaki milioni 1.1, na hiyo ni endapo dola itapanda kama ulivyotarajia. Ikikwama 2,600, umepata hasara. Kama ni fedha zako ambazo zingelala tu, kununua kidogo kidogo Oktoba hadi Desemba kuna maana. Kama zingezungusha mzigo wa sikukuu, ziache dukani.

Njia nyingine ni kukubaliana na benki leo bei ya dola utakazochukua Aprili. Benki inaongeza juu ya bei ya leo tofauti ya riba kati ya shilingi na dola. Riba ya shilingi ikizidi kwa asilimia 4 kwa mwaka, miezi sita inaongeza asilimia 2, na 2,450 inakuwa karibu 2,500. Benki itataka amana au dhamana, na si zote zinawafanyia wateja wadogo. Uliza hata hivyo.

Kenya nako ni hivyo hivyo?

Kidogo. Chai huchumwa mwaka mzima, na fedha zinazotumwa na Wakenya walioko nje huingia kila mwezi, hivyo msimu wao ni mwepesi. Mtikisiko wao mkubwa wa karibuni, dola iliposhuka kutoka karibu shilingi 160 Januari 2024 hadi karibu 130 Aprili, ulitokana na nchi kupata mkopo mpya wa kulipia hatifungani ya nje iliyokuwa inaiva.

Nitajuaje kwamba bei imepanda kwa sababu ya msimu na si kwa tatizo kubwa zaidi?

Usilinganishe Mei na Desemba. Linganisha Mei na Mei ya mwaka jana, na Novemba na Novemba. Shilingi ikilegea Mei hadi pale ilipokuwa Mei iliyopita, huo ni msimu.

Kisha tazama pengo. Benki ikinunua kwa 2,440 na kuuza kwa 2,465, na duka la kubadilishia fedha likiwa jirani na hapo, soko lina dola. Pengo likipanuka, au benki ikikutajia bei nzuri lakini ikasema dola zenyewe hakuna, basi bei iliyo ubaoni si ya kweli.

Mwisho, subiri Novemba. Korosho zikinadiwa na kambi za Serengeti zikiwa zimejaa Agosti, halafu shilingi isikaze, tatizo si la msimu. Usipange bei za bidhaa zako ukitegemea kwamba dola itarudi ilikokuwa.