Mwenyekiti, Kura ya Mikono Haipimi Mpaka

*Shangazi, mimi ni mwenyekiti wa kitongoji katika kata ya Bugarama, Msalala. Mwezi uliopita rashi ililipuka kwenye shamba la mama mmoja mjane. Maduara yakachimbwa, mama akawa anapata mgawo wake wa mifuko. Kisha akaja bwana mmoja na leseni ya uchimbaji mdogo, akasema eneo lote ni lake. Siku ya gulio vijana wakapigisha watu kura ya mikono: nani aondoke, mwenye leseni au mwenye shamba? Mikono karibu yote ilikuwa upande wa mama. Wakanigeukia niseme neno. Nikasema tutulie, tutafute ukweli kwanza. Tangu siku hiyo upande wa mama wananiita mla rushwa, na mwenye leseni anasema nawalinda wavamizi. Mdogo wangu ana duara humo, ingawa mimi simo kwenye mgawo wake. Je, nilikosea kutoegemea upande? Na sasa niseme nini?*
*Mwenyekiti, Bugarama*

Mwenyekiti, hukukosea, na sababu ni nzito kuliko unavyodhani: swali walilopigiwa kura watu wako lilikuwa na kasoro. Liliwataka wachague mmoja kati ya watu wawili ambao huenda wote wana haki.

Kwa sheria zetu, madini yaliyo chini ni mali ya Jamhuri, na leseni humpa mtu haki ya kuyachimba. Haimpi shamba. Mama anaweza kuwa mmiliki halali wa shamba lake hadi kesho kutwa, na yule bwana akawa mmiliki halali wa leseni inayolifunika shamba hilohilo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imeliona jambo hili. Mwenye leseni haruhusiwi kufanya kazi kwenye ardhi iliyolimwa, wala ndani ya mita 50 kutoka hapo, wala ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba ya mtu, bila ridhaa ya maandishi ya mwenye ardhi halali. Na anachoharibu anakilipia fidia. Kwa hiyo swali la kwanza kwenu ni kama ipo karatasi ya ridhaa yenye sahihi au dole gumba la yule mama. Kama ipo, aliambiwa nini alipoweka dole? Kama haipo, bwana ana leseni ambayo bado haiwezi kufanya kazi juu ya shamba hilo. Lakini hata hivyo maduara ya vijana hayawi halali, maana mama hawezi kumpa mtu kibali cha kuchimba dhahabu ambayo si yake kuigawa. Ukweli huu hakuna upande utakaoufurahia, ndiyo maana anahitajika mtu wa kuusema pasipo kushangilia.

Swali la pili ni mpaka. Leseni ndogo ya dhahabu haizidi hekta 10, yaani kama ekari 25, na mipaka yake imeandikwa kwa nyuzi za ramani. Haikuandikwa kwa mkuyu wala kichuguu. Nimeona mara nyingi watu wakioneshana karatasi kwa hasira kumbe eneo lililoandikwa liko ng'ambo ya mto. Huwezi kulijua hilo kwa kuitazama karatasi. Andika barua kwa Afisa Madini Mkazi, Kahama, ukiweka namba ya leseni, na umwombe atume mtu wa kupima na kuonesha bikoni shambani, pande zote zikiwapo. Barua ipite kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Ikitokea mashemeji wa mama nao wanadai shamba, hilo si la watu wa madini. Hilo linaanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lile la watu saba ambao angalau watatu ni wanawake. Msiyachanganye mashauri mawili kwenye mkutano mmoja.

Sasa nikwambie uliposhindwa kushika watu. Ulisema "tulieni", ukaishia hapo. Mtu aliyekopa hela ya matimba na chakula cha wachimbaji hatulii kwa neno tupu. Anataka kujua anasubiri nini, hadi lini, na mawe yake yatakuwa salama kwa nani. Ugomvi wa machimboni huwaka kwenye mifuko iliyokwisha kutoka shimoni. Basi waombe pande zote waende pamoja kila duara, wahesabu mifuko, waandike, wasaini wote, usiende karasha hata mmoja hadi kipimo kitoke. Sungusungu walinde mifuko hiyo, wasihukumu mtu. Wewe huna mamlaka ya kufunga machimbo kwa amri, hivyo tumia neno "naomba", na mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa mapema kabla mwano haujapigwa.

Watu wa huko wana sababu ya kutoamini neno "tulieni". Mwaka 1996, hapo jirani Bulyanhulu, wachimbaji wadogo waliamriwa kuondoka kupisha kampuni, mashimo yakafukiwa, na zikatoka tuhuma kwamba watu zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni wakakanusha. Mabishano makubwa ya ushahidi yalikuja miaka mitano na zaidi baadaye, wanasheria wa LEAT wakidai uchunguzi huru. Mwaka 2002 ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia ikasema haikuona msingi wa tuhuma hizo, na waliolalamika hawakukubali. Mimi siwezi kukuamulia hilo hapa. Ninachokuomba ukione ni wakati: maswali ya nani alikuwa shimo lipi, siku gani, na nani alimwona mara ya mwisho, hujibika vizuri wiki ileile, shimo likiwa wazi na mashahidi wakiwa bado hawajatawanyika. Ndiyo maana nataka uandike sasa: idadi ya maduara, jina la kila mwenye duara, siku alipoanza.

Kuhusu mdogo wako, litangaze wewe kabla hawajalitangaza wao. Ukishalisema, usiongoze kikao cha shauri hili. Mwombe mwenyekiti wa kijiji amteue mjumbe mwingine wa halmashauri ya kijiji, wewe ukae kama mtoa taarifa.

Gulio lijalo simama useme hivi, kwa maneno yako: "Ndugu zangu, mikono yenu niliiona, nimejua mnamhurumia mama. Mimi sitasema nani aondoke, kwa sababu sijui mpaka uko wapi wala kama ridhaa ilitolewa. Mdogo wangu ana duara humo, kwa hiyo kikao ataongoza mwingine. Barua ya kuomba kupimiwa imepokelewa tarehe fulani, nakala hii hapa. Mifuko imehesabiwa, orodha iko kwa Mtendaji, kila mwenye duara akaione. Kila Jumatatu asubuhi nitakuwa ofisini kuwaambia tumefikia wapi, hata kama hakuna jipya."

Hiyo Jumatatu usiikose hata moja. Na majibu ya Afisa Madini yakifika, yasomwe yote mbele ya mkutano wa kijiji, pamoja na mstari utakaomwondoa mdogo wako shimoni.