Rula, Pumzi na Mizani: Kuchambua Kabati Kabla ya Kwenda Nchi ya Baridi

Tuseme binti wa Mbagala, Dar es Salaam, amepata nafasi ya chuo huko Minneapolis, Marekani. Anaondoka mwishoni mwa Agosti na tiketi yake inamruhusu begi moja la kilo 23. Kabatini ana fulana za pamba, jinzi saba, magauni ya kitenge, koti la jinzi na masweta mawili ya mtumba. Kila jirani ana ushauri wake, na mwingi unaishia kwenye neno moja: nguo nzito. Neno hilo ndilo tutakaloanza kulipima, kwa sababu uzito si kipimo cha joto.

Nguo haina joto lake yenyewe. Ukiweka sweta juu ya kipande cha barafu, barafu itachelewa kuyeyuka, maana sweta hupunguza tu kasi ya joto kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Chanzo cha joto ni mwili. Mtu mzima aliyetulia hutoa takriban wati 100, yaani juli 100 kila sekunde. Akitembea kwa haraka hutoa karibu mara tatu ya hizo. Nguo inayofaa ni ile inayoliachia joto hilo litoke kwa kasi ileile linayotengenezwa nayo. Likitoka upesi kuliko hapo utatetemeka, na likikwama utatoka jasho.

Kinachozuia joto ndani ya nguo, kwa sehemu kubwa, ni hewa. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana, ilhali maji huipita kwa zaidi ya mara 20. Nyuzi za kitambaa nazo hupitisha joto kuliko hewa. Kazi yao kubwa ni kuigawa hewa katika vijumba vidogo ili isizunguke. Ndiyo maana sweta jepesi lililovimba linaweza kulishinda koti la jinzi lenye uzito maradufu: jinzi imefumwa kwa kubanwa, na vijumba vyake vya hewa ni vichache.

Hapo tunaweza kukokotoa. Joto linalotoka huongezeka kadiri eneo la mwili na tofauti ya joto kati ya ngozi na nje zinavyokuwa kubwa, na hupungua kadiri nguo inavyonenepa. Mwili una eneo la karibu mita za mraba 1.8. Ngozi tuipe nyuzijoto 33. Wastani wa Januari huko Minneapolis ni takriban nyuzijoto 9 chini ya sifuri, nasi tuchukue 10, hivyo tofauti ni 43. Uwezo wa kawaida wa vitambaa vilivyovimba kupitisha joto ni kama 0.04, kwa kipimo cha wati kwa kila mita na kila nyuzi moja. Zidisha 0.04 kwa 1.8 kwa 43, upate karibu 3.1. Gawanya kwa wati 100 za mtu aliyesimama kituoni akingoja basi: unene unaohitajika ni mita 0.031, yaani sentimita 3. Gawanya kwa wati 300 za mtu anayetembea, unapata sentimita 1 tu.

Hesabu hii ni ya kukadiria, kwani joto jingine hutoka kwa pumzi na mvuke wa ngozi. Hata hivyo inaonyesha jambo kubwa: mtu yuleyule, saa ileile, huhitaji unene mara tatu akisimama kuliko akitembea. Vazi moja nene haliwezi kubadilika hivyo. Nguo tatu zinazovaliwa moja juu ya nyingine zinaweza, kwa kufungua au kuvua ya juu kabla jasho halijaanza.

Jasho lina gharama. Gramu moja ya maji hula takriban juli 2,400 ili igeuke mvuke. Fulana ya pamba ya gramu 150 ikinyonya jasho nusu ya uzito wake, inabeba gramu 75, na kuikausha kunahitaji juli 180,000. Hilo ni joto lote ambalo mwili uliotulia hutoa kwa nusu saa. Tena pamba iliyolowa hulala juu ya ngozi, na maji hukaa mahali palipokuwa na hewa. Poliesta hainyonyi karibu chochote, kwa hiyo hukauka upesi. Sufu hunyonya mvuke mwingi ndani ya unyuzi wenyewe na bado husimama bila kulala.

Sasa binti afungue kabati akiwa na rula. Sweta likunjwe liwe tabaka nne, liwekewe daftari jepesi juu, lipimwe, kisha unene ugawanywe kwa nne. Baada ya rula, aweke kitambaa mdomoni na kupuliza: pumzi ikitokea upande wa pili, upepo nao utapita na kuiondoa hewa yote yenye joto. Nguo ya namna hiyo haifai kuwa ya nje. Mtumba uliokatwa lebo utambuliwe kwa kuchoma uzi mmoja juu ya sahani yenye maji. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka ikawa tone gumu. Pamba huwaka kama karatasi.

Masweta yake mawili yanatoa majibu tofauti. Moja ni sufu yenye unene wa milimita 5, na linapakiwa. La pili ni la pamba, zito kuliko la kwanza, lakini lina milimita 2 tu, hivyo anapewa mdogo wake. Jinzi moja ina gramu 650 hivi, na saba ni kilo 4.5 za kitambaa chembamba kinachochelewa kukauka. Zinapakiwa mbili, mbili zinabaki nyumbani kwa ajili ya likizo, tatu zinagawiwa. Koti la jinzi linapulizika, basi linabaki. Vitenge viwili na fulana tano zinakwenda, maana Agosti huko bado ni kiangazi, na majira ya baridi nyumba hupashwa joto hadi kama nyuzijoto 20. Suruali na fulana ndefu za ndani za poliesta, akizipata katika soko la mtumba la Karume, hazijazi begi.

Ajumlishe anachobeba: vazi la ndani milimita 1, sweta milimita 5. Kwa kutembea, nguo hizo zinakaribia kutosha kama kuna kitu cha nje cha kuzuia upepo. Kwa kusimama kituoni anapungukiwa zaidi ya sentimita 2. Pengo hilo ni kazi ya koti moja, na koti hilo anunue hukohuko Septemba, asilibebe kutoka Dar. Dukani alibinye mkononi aone kama linavimba tena, alipulize, kisha alivae juu ya sweta na kuinua mikono. Likibana mabega, linaikamua hewa ya sweta, na zile milimita 5 zinakuwa 2.

Sharti hilo linahusu miguu pia. Viatu vinavyomtosha sawasawa leo vitabana soksi nene za sufu na kupunguza damu inayofika vidoleni. Viatu vya baridi, kama koti, anunue huko, akiwa amezivaa soksi hizo.