Riba Ikipanda Katikati ya Mkopo

Septemba 2011 kiwango cha riba cha Benki Kuu ya Kenya kilikuwa asilimia 7. Desemba mwaka huohuo kilifika asilimia 18. Waliokopa kwa riba inayobadilika waliona makato yao yakipanda, na wengi hawakujua hesabu ilivyofanywa. Somo letu ni hesabu hiyo.

Tuchukue mfano wa mwalimu hapa Banissa. Amekopa shilingi 200,000 za kulipa kwa miezi 24, riba asilimia 12 kwa mwaka, yaani 1 kwa mwezi, juu ya deni linalobaki. Kila mwezi analipa 9,415. Akisha kulipa mara 12, riba inapanda kuwa asilimia 18, yaani 1.5 kwa mwezi. Sasa atalipa ngapi?

Jambo la kwanza ni kujua deni lililobaki. Usiseme ati nusu ya miezi imekwisha, basi imebaki 100,000. Hapana. Mwezi wa kwanza, katika zile 9,415, shilingi 2,000 zilikuwa riba, na 7,415 tu zilipunguza deni. Ndiyo maana baada ya mwaka bado anadaiwa 105,963. Omba benki taarifa ya mkopo uone tarakimu hiyo.

Sasa shika kalkuleta. Zidisha 1.015 kwa yenyewe hadi ziwe 12 (ndiyo miezi iliyobaki): utapata 1.1956. Gawa 1 kwa hiyo, upate 0.8364. Toa katika 1, inabaki 0.1636. Weka kando. Kisha 105,963 mara 0.015 ni 1,589, hiyo ni riba ya mwezi wa kwanza. Gawa kwa 0.1636. Jibu ni kama 9,715. Kwa hiyo makato yanaongezeka shilingi 300 kwa mwezi.

Je, ukiambiwa ni 9,985? Uliza vizuri. Hiyo ndiyo inayopatikana mtu akipiga hesabu upya kwa 200,000 na miezi 24, kana kwamba riba mpya ilianza siku ya kwanza. Miezi iliyopita ilikwisha lipwa kwa riba yake. Riba mpya inagusa salio tu. Kosa hilo lingemtoa mwalimu wetu shilingi 270 za bure kila mwezi.

Pengine makato hayapandi kabisa, na watu hufurahi. Tazama muda. Akiendelea na 9,415, mwisho wa mwezi wa 24 atabaki na deni la karibu 3,900, na mshahara utakatwa tena mwezi wa 25. Mkataba ndio unaosema ni njia ipi, kwa hiyo usome kabla ya kutia sahihi.

Wenye mkataba wa murabaha hawamo katika hesabu hii: bei yao ilikubaliwa mwanzoni, na haipandi.