Vyumba Vinne vya Kazi za Meneja

Tumtazame meneja wa chama cha msingi cha pamba wakati wa msimu. Kutwa anaitwa huku na huku, na karani mpya bado hajafundishwa kuandika stakabadhi.

Basi tuchore mraba wenye vyumba vinne. Cha kwanza ni muhimu na haraka: mizani imeharibika. Aitengenezeshe leo. Cha pili ni muhimu bila haraka: kumfundisha karani, kupanga msimu ujao. Cha tatu ni haraka, lakini si lazima yeye: mtu anauliza bei, nayo imebandikwa ukutani! Karani amjibu. Cha nne ni soga tu, aache.

Taabu iko chumba cha pili, maana hakipigi hodi. Tunashauri kipewe saa yake: Jumanne na Alhamisi, saa 1 mpaka saa 2 asubuhi, kabla ya kupima pamba. Karani aandike stakabadhi tano mwenyewe, meneja asahihishe, asimnyang'anye kalamu. Makosa yale yale yakirudi kila wiki katika chumba cha kwanza, ajue cha pili kimesahauliwa. Siku lori likija mapema, somo lihamie kesho yake, lisifutwe.