Saruji Chini ya Bwawa la Mosul

Swali: Tangu 1986 uji wa saruji hushindiliwa chini ya Bwawa la Mosul, Iraki. Yajulikanaje kwamba mwamba umezibika?

Jibu: Bwawa lile, ndugu, limesimama juu ya tabaka za jasi, madini yayeyukayo majini, ndiyo maana kazi haina ukomo. Ama uthibitisho, usitegemee wingi wa saruji iliyomezwa, kwani yamkini imekimbilia mbali; sharti litobolewe shimo jipya baina ya yale ya awali, kipande chake kizibwe juu na chini, kisha maji yasukumwe humo kwa shinikizo la baa 10. Yakipenya lita 1 tu kwa dakika katika kila mita, mwamba umezibika barabara. Yakizidi mno, saruji ishindiliwe tena hapo hapo.